BFGS yako uiwekee Armijo tu, Wolfe legevu au Wolfe kali? Ulinganisho kwa anayechagua

Ukiangalia watu wanaolinganisha njia za kutafuta kiwango cha chini cha fanksheni, wengi wanaweka BFGS upande mmoja, gradienti tupu au Newton upande mwingine, wanamaliza. Sawa, lakini mtu akishaamua BFGS bado kuna chaguo moja ambalo linabadilisha matokeo kuliko anavyodhani, nalo ni sheria ya kukubali urefu wa hatua. BFGS haiuoni mpindo wa fanksheni moja kwa moja, inaukisia kwa kutoa gradienti ya zamani kwenye gradienti mpya, na hiyo mpya inapimwa pale pale ambapo sheria ya hatua imesema "haya, simama hapa". Ukisimama mahali pabaya kisio lako la mpindo linakuwa baya, na mwelekeo unaofuata unaharibika nao.

Tukumbushane fomula kidogo ili tuongee kitu kimoja. `H` ni kisio la kinyume cha matriksi ya mpindo, `g` ni gradienti, `a` ni urefu wa hatua, na alama ya `'` ni kugeuza vekta ilale:

```
p = -H g
x_mpya = x + a p
s = x_mpya - x
y = g_mpya - g
r = 1 / (y's)
H = (I - r s y') H (I - r y s') + r s s'
```

Hiyo ndo BFGS nzima, ile waliyoifikia Broyden, Fletcher, Goldfarb na Shanno mwaka 1970 kila mmoja kivyake. Inachofanya ni kulazimisha `H y = s`, yaani kisio jipya lieleze sawasawa kile kilichoonekana kwenye hatua ya mwisho, halafu ibadilike kidogo iwezekanavyo kwingine kote. Kitu cha kukodolea macho ni `y's`. Ikiwa chanya, na `H` ya zamani ilikuwa chanya, basi `H` mpya nayo inabaki chanya na `p` itaelekea chini daima. Ikiwa hasi, hakuna dhamana tena, na unaweza ukajikuta unapanda kilima huku programu inaamini inashuka.

Sasa sheria zenyewe tatu:

```
Armijo:        f(x + a p) <= f(x) + c1 a g'p
Wolfe legevu:  Armijo, na tena  g(x + a p)'p >= c2 g'p
Wolfe kali:    Armijo, na tena  |g(x + a p)'p| <= c2 |g'p|
```

Namba za kawaida kwa BFGS ni `c1 = 0.0001` na `c2 = 0.9`. Armijo (1966) anauliza kama umeshuka vya kutosha, basi. Wolfe (1969) anaongeza swali la pili, je mteremko umepungua ukali? Kama pale uliposimama bado ni mkali karibu kama pale ulipoanzia, au umezidi, basi hatua ni fupi mno, endelea mbele. Ile kali inaongeza kwamba usivuke chini ukapanda sana upande wa pili. Na ona, swali hilo la pili ndilo linalokupa `y's` chanya bure: toa `g'p` pande zote mbili kwenye Wolfe legevu, unapata `y'p >= (c2 - 1) g'p`, na upande wa kulia ni hasi mara hasi, kwa hiyo chanya. Armijo peke yake haikupi hiyo ahadi kabisa.

Twende kwenye mfano wa kupiga kwa kalkuleta, wa namba moja tu ili kila kitu kionekane. Chukua `f(x) = x^4/4 - x^2/2`. Gradienti yake ni `x^3 - x`, na mabonde yapo kwenye 1 na -1. Katikati pale karibu na 0 fanksheni imepinda kuelekea chini, yaani mpindo ni hasi, na hapo ndo tunaanzia: `x = 0.1`, `H = 1`. Gradienti ni -0.099, kwa hiyo `p = 0.099`.

Ukijaribu `a = 1` unafika 0.199. Thamani ya `f` imetoka -0.0050 hadi -0.0194, Armijo anapiga makofi, hatua imekubaliwa. Lakini gradienti hapo ni -0.191, kali zaidi ya mwanzo. `s` ni 0.099, `y` ni -0.092, na kwa kuwa tuko kwenye namba moja `H` mpya ni `s/y` tu, yaani -1.075. Mwelekeo unaofuata ni `-H g`, ukizidisha unapata -0.205. Tunarudi nyuma! Bonde liko kulia na sisi tunaelekezwa kushoto, juu ya kilima, na ukifupisha hatua mara mia Armijo hatakubali kamwe kwa sababu kwa mwelekeo huo hakuna kushuka hapo karibu. Huu ndo ule ugonjwa ambapo programu inazunguka ndani ya kitanzi cha kufupisha hatua mpaka `a` inafika `1e-16` halafu inakufa. Ukiuona, kabla ya kulaumu gradienti yako chapisha `y's` ya hatua iliyotangulia, na chapisha `g'p` ya sasa. Kama `g'p` ni chanya umeshajua.

Kwa Wolfe hali inakuwaje? Ile `a = 1` inakataliwa, manake -0.191 iko chini ya 0.9 mara -0.099 ambayo ni -0.0891. Tunazidisha mara mbili: 2, 4, 8 zote gradienti bado ni kali mno (kwa 8 tuko 0.892 na gradienti -0.182). Kwa 16 tumeruka hadi 1.684 na `f` imepanda kuliko mwanzo, Armijo anakataa. Basi jibu liko kati ya 8 na 16, tunagawa, 12. Hapo `x` ni 1.288, `f` ni -0.141, gradienti ni chanya 0.849. Wolfe legevu inakubali na kuondoka, na `H` yake ni 1.188 ukigawa kwa 0.948, kama 1.25. Wolfe kali inakataa kwa sababu 0.849 ni kubwa kuliko 0.0891, inagawa tena 10 (gradienti 0.205, bado), kisha 9: `x = 0.991`, gradienti -0.018, imepita.

Kwa hiyo majaribio 6 kwa legevu na 8 kwa kali. Kali imesimama karibu sana na bonde, 0.991, ila hebu angalia `H` yake: 0.891 ukigawa kwa 0.081, yaani karibu 11. Kinyume halisi cha mpindo pale kwenye 1 ni 0.5! Kisio limezidi mara ishirini na zaidi, kwa sababu hatua ilianzia kwenye mpindo hasi na kuishia kwenye chanya, na wastani wa njia nzima ukawa kidogo tu juu ya sifuri. Si kosa la Wolfe, ni kwamba wastani ndo kitu pekee ambacho tofauti ya gradienti inaweza kupima. Watu wanaodhani kusimama karibu na bonde kunamaanisha mpindo umejulikana vizuri waangalie hapo.

Na kuna njia ya nne ambayo wengi wanaitumia bila kuitaja: Armijo peke yake, ila ukikuta `y's` si chanya unaruka, huisasishi `H`, unabaki na ya zamani. Kwenye mfano wetu `H` inabaki 1, tunatembea 0.199, 0.390, 0.721, kila mara tunaruka, halafu 1.067. Hapo `s` ni 0.346 na `y` ni 0.494, `H` inakuwa 0.70. Majaribio manne tu, tuko 1.067, na kisio la mpindo ni bora kuliko la Wolfe zote mbili! Najua kuna watu wataishia hapa na kusema sawa, Armijo na kuruka, kwisha habari.

Ngoja kwanza. Zidisha fanksheni nzima kwa 0.01. Kihesabu ni tatizo lile lile, mabonde yale yale, ni kama umebadilisha shilingi kuwa mamia ya shilingi. Gradienti ya kwanza sasa ni -0.00099, na `H = 1` inakupa hatua ya 0.00099. Armijo anakubali, `y's` ni hasi, unaruka, `H` inabaki 1. Hatua inayofuata ni 0.001 hivi, unaruka tena. Mpindo unageuka chanya pale kwenye 0.577, na ukipiga hesabu ya mwendo huo inakuchukua karibu hatua 200 kufika hapo, zote bila kujifunza chochote. Wolfe legevu kwa mbinu ile ile ya kuzidisha mara mbili inafika `a = 1024` kwa majaribio 11, inasimama 1.114 na gradienti ndogo ya chanya, `H` inakuwa kama 276 wakati ukweli ni 50. Imezidi, ndiyo, lakini ukubwa wake umeshakaribia na hatua chache zijazo zitairekebisha, maana Armijo hapo itazifupisha na kila `y` mpya itakuja na habari ya karibu zaidi.

Hapo ndo penye tofauti kwa maoni yangu. Armijo inajua kufupisha tu, haijui kurefusha. Kama `H` ya mwanzo imekosea kwa kuwa kubwa, Armijo inatosha, kama imekosea kwa kuwa ndogo na uko sehemu yenye mpindo hasi, utatambaa. Kwenye mfano wa kwanza Armijo ilishinda kwa sababu `H = 1` ilikuwa imebahatika kuwa ya ukubwa unaofaa, na bahati hiyo ukiwa na parameta ishirini zenye vipimo tofauti (moja ni asilimia, nyingine ni mamilioni) huipati.

Kuna kundi la matatizo ambapo mjadala huu wote unapungua makali: fanksheni ikiwa konveksi kwelikweli, bakuli moja lisilo na vilima, kwa mfano rigresheni ya lojistiki yenye adhabu ya miraba ya vigawo. Hapo `y's` ni chanya popote utakaposimama, hata hatua iwe fupi kiasi gani, kwa hiyo Armijo haiwezi kukupa `H` mbovu ya aina ile ya juu. Kwa tatizo kama hilo mimi ningeweka Armijo, ningeanza kila mara na `a = 1`, na baada ya hatua ya kwanza kabla ya kusasisha ningeweka `H = (y's / y'y) I` ili vipimo vikae sawa. Hiyo `a = 1` kwanza si ya hiari jamani, iwe Armijo iwe Wolfe, kasi kubwa ya BFGS pale mwishoni karibu na jibu inatokana na kukubali hatua kamili, ukianza na 0.1 kwa woga unaiua mwenyewe.

Upande wa gharama sasa. Armijo inahitaji `f` tu kwenye kila jaribio, gradienti unaipiga mara moja ukishakubali. Wolfe inataka gradienti kila jaribio linapopita Armijo. Kama gradienti inatoka kwa kompyuta kutofautisha yenyewe kwa njia ya kurudi nyuma, bei yake ni mara chache tu ya `f`, haijalishi parameta ziko ngapi, basi Wolfe haikuumizi. Lakini kama hujaandika gradienti na programu inaikisia kwa kusogeza kila parameta kidogo, kwa parameta 20 kila gradienti ni mialiko 20 ya ziada ya `f`, na kama `f` ni simulesheni inayokula dakika moja, kila jaribio la Wolfe linakula dakika 20 na zaidi. Hapo hesabu inageuka kabisa. Ningechagua Armijo na kuruka, na ningetumia muda wangu kusawazisha vipimo vya parameta kwanza.

Na hii inaeleza ule mshangao wa wanaohama kutoka R. `optim` yenye `method = "BFGS"` inatumia kufupisha tu, hatua ikikataliwa inazidishwa kwa 0.2, hakuna swali la Wolfe, na ikikuta `y's` si chanya haipiti tu, inatupa `H` yote na kuanza upya na matriksi ya utambulisho. Ndo maana pale kuna `parscale` ya kusawazisha vipimo vya parameta, na ndo maana ukiisahau unaweza kusubiri sana. `scipy.optimize.minimize` yenye `method="BFGS"` inatumia Wolfe kali na zile namba za 0.0001 na 0.9. Jina moja, tabia mbili. Kwa tatizo lenye vilima matokeo yanaweza hata kuishia kwenye mabonde tofauti, wala hakuna iliyokosea, Wolfe inaruhusiwa kuruka mbali kwenye hatua ya kwanza na ile ya R hairefushi.

Legevu au kali? Kwa BFGS ya kawaida ile legevu inatosha kihesabu, `y's` chanya unapata kwa zote, na uthibitisho wa Powell wa 1976 kwamba BFGS inafika kwenye jibu kwa fanksheni za konveksi unahitaji legevu tu. Kwa fanksheni zisizo konveksi hata Wolfe haitoshi kukuahidi, Dai mwaka 2002 alionyesha mfano ambapo BFGS yenye Wolfe inazunguka bila kufika, ingawa kiutendaji ni nadra kukutana nao. Kali inapatikana kirahisi kwa sababu msimbo mzuri wa Moré na Thuente upo tayari na umetumika miaka mingi, kwa hiyo kama unatumia laibrari chukua kali, kama unaandika mwenyewe kwa mkono andika legevu kwa kugawa katikati, ni mistari michache na ni vigumu kuikosea:

```
lo, hi, a = 0, inf, 1
rudia:
  kama Armijo(a) imeshindwa:  hi = a
  la sivyo kama g(x+a p)'p < c2 g'p:  lo = a
  la sivyo: simama
  a = (lo+hi)/2 kama hi < inf, la sivyo 2*lo
```

Kitu kimoja ambacho watu wanajaribu na hakisaidii ni kukaza `c2` iwe 0.1 wakidhani watapata mpindo safi zaidi. Ile 0.1 ni ya njia ya gradienti shirikishi, yenyewe inahitaji hatua sahihi. BFGS ukiikazia hivyo unalipa majaribio zaidi kila hatua na tumeshaona hapo juu, kusimama karibu na bonde hakukuboreshea `H`.

Kwenye kelele Wolfe ndo inayokufa kwanza. Scipy ikikuandikia `Desired error not necessarily achieved due to precision loss.` maana yake kutafuta hatua kumeshindwa kupata `a` inayotimiza masharti. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni gradienti iliyoandikwa vibaya, ilinganishe na ya kusogeza kidogo kidogo, dakika mbili tu umejua. Ya pili ni kwamba umeshafika lakini namba za kompyuta zimeisha: kama `f` yako ni kama 1000, usahihi wake ni `1e-13` hivi, na hatua inayotarajia kushusha `1e-14` Armijo hawezi kuipima, anasoma kelele. Hapo angalia ukubwa wa gradienti. Ikiwa ni ndogo kwa vipimo vya tatizo lako, chukua jibu uondoke. Hager na Zhang mwaka 2005 waliandika sharti mbadala linalotumia mteremko badala ya `f` kwa hali hiyo hiyo, linasaidia kama kweli unahitaji zile desimali za mwisho. Sababu ya tatu ni gradienti ya kukisia, ambapo `y` ya hatua fupi ni tofauti ya namba mbili zenye makosa, inayobaki ni makosa tu, na hapo kuruka usasishaji ni bora kuliko kulisha `H` takataka.

Bado swali la ukubwa. `H` kamili ni namba `n` mara `n`. Parameta 1,000 ni MB 8, hata huhisi. Parameta 10,000 ni MB 800, na 100,000 ni GB 80, umeshaaga mashine yako. Hapo ni L-BFGS ya Nocedal (1980), inayotunza jozi za mwisho za `s` na `y` tu, tuseme 10, na kwa parameta 100,000 hizo ni MB 16. Kwa mada yetu tofauti ni kwamba jozi mbovu kwenye L-BFGS inasahaulika baada ya hatua 10, kwenye BFGS kamili athari yake inafifia polepole tu, kwa hiyo L-BFGS inasamehe zaidi. Lakini ukubwa wa kuanzia kila hatua, ile `y's / y'y`, unatoka kwenye jozi ya mwisho kabisa, kwa hiyo jozi mbovu ikiwa ndo mpya inakuumiza papo hapo.

Wa PyTorch waangalie hapa: `torch.optim.LBFGS` ukiiita hivi hivi haitafuti hatua kabisa, si Armijo si Wolfe, inatumia `lr` kama urefu wa hatua, isipokuwa hatua ya kwanza ambayo inaifupisha gradienti ikiwa kubwa. Inaruka jozi zenye `y's` isiyozidi `1e-10` na hiyo ndo kinga yake kubwa, yaani ni ile ya kuruka lakini hata bila Armijo wa kuzuia kupanda. Andika `line_search_fn="strong_wolfe"`, karibu hakuna sababu ya kuiacha. Sababu moja ninayoikubali ni ukiwa unalisha data kwa bachi tofauti kila hatua, ila hapo tatizo liko kabla ya sheria ya hatua: gradienti mpya ya bachi B kutoa gradienti ya zamani ya bachi A haikupi mpindo, inakupa mpindo pamoja na tofauti ya bachi mbili, na mara nyingi hiyo ya pili ndo kubwa. Ukitaka `y` yenye maana piga gradienti zote mbili kwenye bachi ile ile, hata kama inabidi uipige A tena kwenye `x` mpya kabla hujahamia B.